Pengo la Februari Linapohamia Aprili

Mweka hazina wa kikoba ana jedwali la michango katika Excel. Safu ya A ina majina, na safu za B hadi E zina miezi ya Januari hadi Aprili. Kila mwezi mwanachama hutoa shilingi 10,000. Tuchukue wanachama watatu: Asha amelipa miezi yote, Juma hakulipa Februari, na Neema hakulipa Januari. Seli zao za miezi hiyo zimeachwa wazi. Faili linaingizwa katika programu ya kutunza hesabu, na programu inatoa taarifa kwamba Juma na Neema wote wanadaiwa Aprili. Fedha hazijapotea, lakini deni limehamishiwa mwezi mwingine.

Sababu iko ndani ya faili lenyewe. Faili la .xlsx, aina iliyokuja na Excel 2007, ni kifurushi cha zip chenye mafaili ya maandishi. Kwa kawaida seli ambayo haijawahi kuandikwa kitu wala kupambwa haihifadhiwi humo kabisa. Michango ya Juma, aliye mstari wa 3, imeandikwa hivi:

```
<c r="B3"><v>10000</v></c>
<c r="D3"><v>10000</v></c>
<c r="E3"><v>10000</v></c>
```

C3 haipo. Excel hailipotezi pengo hilo, kwa sababu kila seli imebeba anwani yake. Programu iliyoundwa vibaya haisomi anwani. Hupokea seli moja baada ya nyingine na kuzipanga kwa zamu, kama foleni: mmoja akikosekana, wote walio nyuma yake husogea mbele. Mchango wa Machi unakaa Februari, wa Aprili unakaa Machi, na Aprili inabaki tupu.

Kosa hili hujificha kwa urahisi. Seli tupu iliyopakwa rangi au kuwekewa mpaka huhifadhiwa, kwa kuwa pambo lake lina kumbukumbu. Hivyo jedwali la majaribio lililochorwa mipaka kila mahali linaweza kusomeka sawasawa, kisha jedwali la kazi lisilo na mipaka likaharibika.

Kulibaini, usitegemee jumla ya kila mwanachama. Juma alilipa 30,000, na hata michango yake ikisogea, jumla itabaki 30,000. Jumla kuu nayo itabaki 100,000. Linganisha jumla za safu. Katika jedwali la awali, Januari na Februari zina 20,000 kila moja, Machi na Aprili 30,000 kila moja. Katika nakala iliyoharibika, Januari, Februari na Machi zina 30,000 kila moja, na Aprili ina 10,000 tu. Kwa Januari, fomula ni hii, na kwa miezi mingine unabadilisha herufi ya safu:

```
=SUM(B2:B4)
```

Dalili ya pili ni mahali mapengo yalipo. Watu hukosa kulipa miezi tofauti, kwa hiyo mapengo hutawanyika. Ukiona nakala ambayo mapengo yote yamerundikana upande wa kulia, ishuku mara moja.

Tiba ya kweli ni kurudi kwenye faili la awali na kulisoma upya kwa anwani. Mtengenezaji wa programu aangalie kwanza vichwa vya safu ili ajue ziko ngapi, kisha aulize kila nafasi kwa namba yake. Katika maktaba ya Apache POI, `cellIterator()` huruka seli zisizokuwepo. Badala yake, kwa safu zetu 5:

```
for (int i = 0; i < 5; i++) {
    Cell seli = row.getCell(i);
}
```

Seli isiyokuwepo hurudi kama `null`, na nafasi yake inabaki.

Wewe usiyeandika programu unaweza kuziba mapengo kabla ya kutuma faili. Chagua eneo la michango, bonyeza Ctrl+G, kisha Special, kisha Blanks. Andika 0 na ubonyeze Ctrl+Enter. Lakini sifuri inasema mtu hakulipa. Mwanachama aliyejiunga Machi hadaiwi Januari, hivyo mwandikie neno kama "hayupo", ukiwa umehakikisha kwanza kwamba programu inakubali maneno katika safu hizo.

Faili la awali likiwa limefutwa, nakala peke yake haiwezi kukuambia pengo la Juma lilikuwa mwezi gani, kwa kuwa michango yote inafanana. Hapo ushahidi ni stakabadhi na daftari la kikoba. Kwa hiyo tunza faili la awali bila kuligusa, na usimtoze mwanachama faini kabla ya kulinganisha jumla za safu.