Kwa Nini 1914? Insha ya Chanzo cha Vita Inavyojengwa

Katika rundo la insha nilizosahihisha kuhusu Vita vya Kwanza vya Dunia, nyingi hufunguka kwa sentensi ile ile: vita hivyo vilisababishwa na mambo mengi ya kisiasa, kiuchumi na kijamii. Baada ya hapo inafuata orodha. Mashindano ya silaha. Mikataba ya kijeshi. Uchu wa makoloni. Uzalendo uliopita kiasi. Na mwisho, kuuawa kwa mrithi wa kiti cha Austria. Hakuna la uongo katika orodha hiyo, lakini anayeiandika hupata alama za wastani akabaki akijiuliza amekosea wapi.

Amekosea hapa: ameulizwa kwa nini, naye akajibu kulikuwa na nini. Silaha, mikataba, makoloni na uzalendo vilikuwapo mwaka 1905, Ujerumani na Ufaransa zilipovutana juu ya Moroko. Vilikuwapo mwaka 1911, zilipovutana tena juu ya nchi hiyo hiyo. Vilikuwapo mwaka 1912 na 1913, nchi za Balkani zilipopigana vita viwili mfululizo. Mara zote hizo mataifa makubwa ya Ulaya yalitishiana, yakazungumza, yakarudi nyumbani. Basi jambo ambalo lilikuwapo miaka yote hiyo bila kuleta vita haliwezi peke yake kutueleza kwa nini vita vilikuja mwaka 1914. Insha nzuri huanza na swali hilo la mwaka.

Tuchukue swali ambalo watahiniwa hulikuta kwa sura mbalimbali: je, Ujerumani ndiyo ya kulaumiwa kwa kuzuka kwa vita hivyo? Swali lenyewe ni la zamani. Kifungu cha 231 cha Mkataba wa Versailles wa 1919 kiliibebesha Ujerumani na washirika wake dhamana ya hasara ya vita. Mwaka 1961 mwanahistoria Mjerumani, Fritz Fischer, aliwaudhi wenzake kwa kuonyesha kwamba watawala wa nchi yake walikuwa na tamaa kubwa ya kujitanua. Mwaka 2012 Christopher Clark akaandika kwamba lawama zigawanywe, kwa kuwa viongozi wa pande zote walitembea kuelekea vitani kama watu wanaotembea usingizini. Wasomi hao hawakubaliani, na mwanafunzi hana budi kuchagua mahali pa kusimama.

Mahali hapo ndiko tunakoita hoja. Kipimo chake ni chepesi: andika sentensi yako, kisha jiulize kama kuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kusema “sikubaliani”. Ukiandika kwamba vita vilisababishwa na mambo mengi, nani atakupinga? Hakuna, na ndiyo sababu sentensi hiyo haina kazi. Sasa tazama hii: mikataba na silaha viliifanya Ulaya kuwa mahali pa hatari, lakini vita vilikuja kwa sababu mwezi Julai 1914 Vienna na Berlin zilikubali kuihatarisha amani ya Ulaya nzima ili Serbia iadhibiwe. Hii inapingika. Msomaji anayeijua historia ya Urusi atainua mkono mara moja, na tutamfikia. (Ule mfano wa pipa la baruti na cheche nimeuchoka. Unatueleza kwamba kulikuwa na baruti, lakini haumtaji aliyeshika kiberiti.)

Hoja ikishapatikana, kila aya hupewa kazi ya kuitetea. Hapa ndipo insha nyingi huvunjika. Nitaonyesha kwa aya moja ya mikataba, iliyoandikwa kama ninavyoikuta mara kwa mara:

“Sababu nyingine ni mikataba ya kijeshi. Mwaka 1882 Ujerumani, Austria-Hungaria na Italia zilifunga mkataba. Uingereza, Ufaransa na Urusi nazo zikafunga wa kwao mwaka 1907. Hivyo nchi moja iliposhambuliwa, nyingine zote zililazimika kuingia vitani.”

Sentensi ya pili ni sahihi. Ya tatu imebana mambo matatu kuwa moja: Ufaransa na Urusi ziliungana kijeshi mwaka 1894, Uingereza ikapatana na Ufaransa mwaka 1904, kisha na Urusi mwaka 1907, na mapatano hayo mawili ya Uingereza yalihusu kumaliza ugomvi wa makoloni na mipaka ya ushawishi. Hayakuilazimisha kumpigania mtu. Sentensi ya mwisho, ile iliyobeba mzigo wote wa aya, ndiyo yenye kasoro kubwa. Italia ilikuwa ndani ya mkataba wa 1882, lakini Agosti 1914 ilikaa kando kwa madai kwamba mkataba ulikuwa wa kujihami tu. Mei 1915 ikaingia vitani dhidi ya Austria, mshirika wake wa jana. Mkataba gani huo uliowalazimisha wote?

Aya hiyo hiyo, ikitumikia hoja yetu, ingekuwa hivi:

“Mikataba haikuziburuta nchi vitani, bali iliwapa baadhi ya watawala ujasiri wa kucheza na hatari. Italia, mwanachama wa mkataba wa utatu tangu 1882, ilikataa kupigana Agosti 1914. Maana yake ni kwamba hata waliotia saini walibaki na hiari yao. Austria-Hungaria nayo ilikuwa na hiari, na haikutegemea karatasi ya zamani. Kabla ya kuigusa Serbia ilituma mjumbe Berlin, na tarehe 5 Julai Kaiza Wilhelm II akaahidi kuiunga mkono hata kama Urusi ingeingilia. Ahadi hiyo ndiyo iliyougeuza urafiki wa miaka mingi kuwa ruhusa.”

Aya imeanza kwa dai, si kwa jina la mada. Ushahidi uliotumika ni mambo mawili tu, Italia na ahadi ya 5 Julai, lakini kila kimoja kimeelezwa kinathibitisha nini. Maneno “maana yake ni kwamba” ndiyo daraja kati ya ushahidi na hoja. Mwanafunzi anayetaja tarehe kumi bila daraja hilo anamwachia msahihishaji kazi ya kuvuka mwenyewe, na msahihishaji mwenye rundo la karatasi mezani havuki.

Turudi kwa yule aliyeinua mkono. Urusi ndiyo iliyotangulia, kati ya mataifa makubwa, kuliita jeshi lake lote kujiandaa kwa vita. Amri ilitolewa tarehe 30 Julai. Huu ni ushahidi mzito dhidi ya hoja yetu, na mwanafunzi mwoga huuruka. Asiuruke. Auandike kwa uaminifu, kisha aujibu kwa mfuatano wa matukio. Austria ilikuwa imeipa Serbia masharti makali tarehe 23 Julai na saa 48 za kujibu. Serbia ilikubali mengi lakini ikakataa maofisa wa Austria washiriki katika uchunguzi wa kimahakama ndani ya nchi yake. Tarehe 28 Julai Austria ikatangaza vita, na siku iliyofuata Belgrade ikapigwa mizinga. Amri ya Urusi ilikuja baada ya hayo. Zaidi ya hapo, jeshi la Urusi lingeweza kukusanyika na kukaa ndani ya mipaka yake kwa muda, lakini mpango wa Ujerumani haukuwa na kituo cha kusubiri: kuita askari kulimaanisha kuingia Ubelgiji na kuikimbilia Ufaransa. Tarehe 1 Agosti Ujerumani ilitangaza vita dhidi ya Urusi, tarehe 3 dhidi ya Ufaransa, tarehe 4 ikaivamia Ubelgiji, na Uingereza, iliyokuwa imedhamini uhuru wa Ubelgiji kwa mkataba wa 1839, ikaingia siku hiyo hiyo.

Anayezichanganya tarehe hizi hupoteza hoja bila kujua, kwa sababu hapa nani alianza na nani alifuata ndiyo hoja yenyewe. Kabla ya kuanza kuandika, ziweke pembeni mwa karatasi kwa safu: 28 Juni, 5 Julai, 23, 28, 30, kisha 1 hadi 4 Agosti. Ni kazi ya dakika mbili.

Kuna ushahidi mwingine unaokata pande zote mbili. Asubuhi ya 28 Julai Kaiza alisoma jibu la Serbia, akaandika kwamba sababu yote ya vita imeondoka, na akapendekeza Austria iishie kuishika Belgrade. Alichelewa, vita vilitangazwa siku hiyo. Je, mtu aliyepanga vita vya Ulaya huandika hivyo? Ni vigumu kuamini. Ndiyo maana katika hoja yetu tuliandika kwamba Berlin ilikubali kuhatarisha amani, hatukuandika kwamba ilipanga vita. Kitenzi kimoja kimebadilishwa na ushahidi, na mimi huwapa alama bila kinyongo wanafunzi wanaopima vitenzi vyao namna hiyo.

Neno kuhusu makoloni, kwa sababu kwetu hii ndiyo sababu inayopendwa kuliko zote. Tumezoea kuamini kwamba waliogawana Afrika walikuja kupigana kwa ajili yake. Tazama lakini mapatano ya mwaka 1890: Ujerumani iliachia Witu na kukubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Uingereza, nayo ikapewa kisiwa kidogo cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini. Pwani yetu iligawanywa mezani. Mwaka 1898 Uingereza na Ufaransa zilikaribia kupigana pale Fashoda, Sudan, na miaka sita baadaye zilikuwa zimepatana. Makoloni yana nafasi katika insha, hasa kwa kuwa mivutano ya Moroko iliwasogeza karibu Waingereza na Wafaransa, lakini ni nafasi ya aya fupi.

Linabaki hitimisho. Wengi hurudia orodha yao kwa maneno mengine, wakitanguliza “kwa ujumla”. Kazi ya hitimisho ni kupima: ondoa sababu moja, kisha uulize kama vita vingekuja Agosti ile. Ondoa makoloni, Julai inaendelea vile vile. Ondoa mashindano ya manowari, na Serbia bado inapewa saa 48. Ondoa ahadi ya 5 Julai, na ni vigumu kuiona Vienna ikithubutu. Kwa hiyo hukumu inaweza kuandikwa kwa sentensi tatu: Austria-Hungaria na Ujerumani zinabeba sehemu kubwa ya lawama, kwa kuwa zilichagua hatari zikijua ukubwa wake. Urusi inabeba sehemu ndogo zaidi, kwa kuharakisha mwisho. Mikataba na silaha vinaeleza kwa nini vita vilikuwa vikubwa, si kwa nini vilianza.

Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza, Astraea, ilipiga mizinga Dar es Salaam, siku nne tu baada ya Uingereza kutangaza vita. Mwanafunzi wa kwetu hutamani kuliingiza tukio hilo katika insha hii. Alihifadhi kwa swali la matokeo.