Namba Nane za Maji: Kutafuta Mawimbi kwa Kalamu na Karatasi

Mkazi wa pwani hahitaji hesabu ili ajue kwamba bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Lakini mpe orodha ya vipimo vya maji bila kumwambia vimetoka wapi. Atajuaje kwamba ndani yake mna mwendo mkubwa unaojirudia mara mbili kwa siku, mwingine mdogo unaojirudia mara moja, na mwingine ambao si mwendo hata kidogo bali ni kosa la upimaji?

Hesabu inayojibu swali hilo inaitwa mgeuzo wa Fourier, kwa jina la Joseph Fourier, mwanahisabati wa Ufaransa aliyezaliwa mwaka 1768. Kompyuta huifanya kwa maelfu ya namba kwa mara moja. Kwa namba nane, kalamu na karatasi zinatosha, na anayeifanya kwa mkono anaona jambo ambalo mashine humficha: kila jibu linalotoka lina maana gani, na haliwezi kumwambia nini.

Vipimo vyenyewe

Tuseme kuna ubao wenye alama za mita uliosimikwa kwenye gati. Mtu anausoma kila baada ya saa tatu, kuanzia saa 12 asubuhi. Namba zifuatazo nimezitunga ili hesabu iwe nyepesi, ila mwendo wake unafanana na wa maji ya pwani yetu:

- saa 12 asubuhi: 3.7
- saa 3 asubuhi: 2.6
- saa 6 mchana: 0.5
- saa 9 alasiri: 1.4
- saa 12 jioni: 3.3
- saa 3 usiku: 2.4
- saa 6 usiku: 0.5
- saa 9 usiku: 1.6

Tumeishia hapo kwa makusudi. Kipimo cha saa 12 asubuhi ya pili hakiingii, kwa kuwa kinafungua mzunguko mpya. Wengi hukiongeza wakidhani wanakamilisha siku, kisha majibu yote yanapinda kidogo na hawajui kwa nini.

Vipimo nane vya siku moja vinatupa makapu matano ya kuangalia. Kapu la 0 ni la kisichobadilika. Kapu la 1 ni la mwendo unaojirudia mara moja kwa siku, la 2 mara mbili, la 3 mara tatu, na la 4 mara nne. Namba ya kapu ndiyo idadi ya mizunguko inayotimia katika muda wote uliopimwa.

Kapu la 0

Hapa ni kujumlisha tu. Namba zote nane zinatoa 16.0. Gawa kwa 8, unapata 2.0. Hicho ndicho kina cha wastani cha maji kwenye ubao, na mawimbi mengine yote yanapanda na kushuka kuzunguka mita hizo mbili.

Kapu la 2, lenye mzigo

Ili kujua kama kuna mwendo wa mara mbili kwa siku, tunachukua kiolezo cha mwendo huo na kukizidisha na vipimo, kimoja kwa kimoja, kisha tunajumlisha. Vipimo vikiwa juu pale kiolezo kilipo juu, na chini pale kilipo chini, jumla inakua. Visipofuatana nacho, chanya na hasi zinafutana na jumla inakaribia sifuri. Siri yote ya mgeuzo wa Fourier ni hiyo.

Kiolezo cha kwanza ni kosini. Kwa mzunguko wa saa 12 unaosomwa kila saa tatu, thamani zake ni 1, 0, −1, 0, kisha zinajirudia. Kwa hiyo tunahitaji vipimo vinne tu:

3.7 − 0.5 + 3.3 − 0.5 = 6.0

Kosini peke yake haitoshi. Inaanza kileleni, na maji hayana wajibu wa kujaa saa ileile tuliyoanza kupima. Tunahitaji kiolezo cha pili, sini, kinachochelewa kwa robo mzunguko: 0, 1, 0, −1, kisha vilevile tena:

2.6 − 1.4 + 2.4 − 1.6 = 2.0

Jumla hizi mbili zinaunganishwa kwa kanuni ya Pithagora. Kipeo cha pili cha 6 ni 36, cha 2 ni 4, jumla 40, na kipeuo chake cha pili ni 6.32. Hicho bado si kimo cha wimbi. Kiolezo chenyewe kikizidishwa na chenyewe na kujumlishwa kinatoa 4, kwa hiyo tunagawa kwa 4: 6.32 ÷ 4 = 1.58. Wimbi la mara mbili kwa siku linapanda mita 1.58 juu ya wastani na kushuka kiasi hichohicho, yaani zaidi kidogo ya mita 3 kati ya maji kupwa na maji kujaa.

Jumla hizo hizo zinatueleza pia saa. Pembe ambayo tanjiti yake ni 2 ÷ 6 ni nyuzi 18.4. Mzunguko mzima wa nyuzi 360 ni saa 12, hivyo kila nyuzi moja ni dakika mbili. Wimbi hili lilifika kileleni dakika 37 baada ya kipimo cha kwanza, saa 12 na dakika 37 asubuhi. Hakuna aliyekuwa kwenye ubao dakika hiyo, lakini namba zimeitaja.

Makapu madogo

Kapu la 1 linafanyiwa kazi ileile, ila kiolezo chake kinapita kwenye 0.707, ambayo ni kosini ya nyuzi 45. Panga vipimo vinavyozidishwa kwa namba moja pamoja, kazi itapungua:

(3.7 − 3.3) + 0.707 × (2.6 − 1.4 − 2.4 + 1.6) = 0.4 + 0.283 = 0.683

Upande wa sini unatoa sifuri. Gawa kwa 4, unapata 0.17, yaani sentimita 17. Ndiyo sababu maji ya asubuhi yalifika 3.7 na ya jioni yakaishia 3.3: wimbi dogo la mara moja kwa siku liliinua ujaaji mmoja na kushusha mwingine.

Kapu la 3 linatumia vifungu vilevile, ila alama katikati inageuka: 0.4 − 0.283 = 0.117. Ukigawa kwa 4 ni sentimita 3. Je, bahari ina mwendo wa mara tatu kwa siku? Usiharakishe. Ubao ulisomwa kwa kukadiria hadi sentimita 10 zilizo karibu, na makosa ya kukadiria hayapotei, yanatawanyika kwenye makapu. Jibu lililo dogo kuliko uwezo wa kipimo halipaswi kupewa jina.

Kapu la 4 lina kiolezo cha kupokezana, 1, −1, 1, −1, na hapa jumla yake ni 0. Mwendo wa kila saa sita haukuonekana.

Ukitaka kuhakiki, kompyuta yenye Python itakupa majibu hayo:

```
import numpy as np
h = [3.7, 2.6, 0.5, 1.4, 3.3, 2.4, 0.5, 1.6]
print(np.fft.fft(h).round(3))
```

Kwenye nafasi ya kapu la 2 utaona `6-2j`. Hiyo 6 ni jumla yetu ya kosini, na 2 ni ya sini. Alama ya kutoa ni desturi ya wanahisabati tu. Makapu ya 5, 6 na 7 yatatokea pia, lakini ni vivuli vya la 3, la 2 na la 1.

Vivuli navyo vina neno

Kapu la 6 linafanana na la 2 kwa sababu nzito. Wimbi linalojirudia mara sita kwa siku, yaani kila saa nne, likisomwa kila baada ya saa tatu, linaacha namba zilezile za wimbi la mara mbili kwa siku. Likiwapo bandarini, litaingia kapu la 2 na kuongezwa au kupunguzwa humo, na hakuna hesabu itakayolitoa baadaye. Dawa yake inatangulia upimaji: soma ubao mara nyingi zaidi, au zuia miendo ya haraka isifike kwenye kipimo. Vituo vingi vya kupima maji hutumia bomba lililosimama lenye tundu dogo chini. Maji ya kujaa na kupwa yanapenya polepole, mawimbi ya upepo yanabaki nje.

Kikwazo cha pili ni mwezi. Kuna ujaaji unaoletwa na jua, wa kila saa 12 kamili, na ule mkubwa zaidi unaoletwa na mwezi, wa kila saa 12 na dakika 25. Kwa siku moja, wa mwezi unatimiza mizunguko 1.93, na hatuna kapu la 1.93. Sehemu kubwa yake inaangukia kapu la 2 pamoja na wa jua, na kiasi kidogo kinamwagika kwenye makapu jirani. Kwa hiyo kwenye vipimo halisi vya siku moja, sentimita 17 za kapu la 1 zingeweza kuwa mwendo wa kweli au mabaki ya mwezi. Njia ya kutambua ni kupima muda mrefu zaidi: mwendo wa kweli unabaki kwenye marudio yake, mmwagiko unapungua.

Mrefu kiasi gani? Tofauti ya mizunguko hiyo miwili ni 0.068 kwa siku, na inahitaji siku 14 na robo tatu hivi ili itimie mzunguko mmoja. Wavuvi wanaujua muda huo bila mgeuzo wowote: ndio unaotenganisha bamvua moja na inayofuata. Bamvua huja mwezi na jua wakivuta pamoja, maji mafu huja wakipingana. Anayepima kwa muda mfupi kuliko huo hana makapu membamba ya kuwatenga.

Ukipima kwa siku 29 na nusu, mambo yananyooka zaidi. Kwa kusoma kila saa tatu utakuwa na vipimo 236. Katika muda huo ujaaji wa jua unatimiza mizunguko 59 kamili, na wa mwezi unatimiza 57 karibu kamili. Kila mmoja unaingia kapu lake, la 59 na la 57, bila kumwagika.

Basi ukiletewa mchoro wa makapu, wa bahari, wa sauti au wa mtikisiko wa mashine, usianze na mlingoti mrefu kuliko yote. Uliza kwanza vipimo vilichukuliwa kwa muda gani, kwani huo ndio unaoamua upana wa kapu. Kisha uliza vilichukuliwa kila baada ya muda gani, kwani huo ndio unaoamua nini kinaweza kujificha ndani yake. Asiyeweza kukujibu hayo mawili hajui mchoro wake unasema nini.