Siku Tatu za Seremala

Ukimuuliza mwenye nyumba anayejenga ni kazi gani inayomchelewesha, atakutajia ile inayomuudhi: seremala hapokei simu, mbao hazijakauka. Mara nyingi anayemlaumu siye. Kumjua mchelewashaji wa kweli kunahitaji karatasi, kalamu na hesabu za kujumlisha na kutoa.

Mbinu yenyewe huitwa PERT. Ilibuniwa mwaka 1958 katika Jeshi la Wanamaji la Marekani, wakati wa kutengeneza makombora ya Polaris ya kurushwa kutoka nyambizi. Kazi ilikuwa imegawanywa kwa makampuni mengi mno, na wasimamizi walitaka kujua ni ucheleweshaji upi ungesogeza siku ya mwisho, na upi usingedhuru kitu.

Tuichore kwa nyumba ndogo. Kila mshale ni kazi yenye siku zake. Kila duara ni tukio, yaani hali iliyokwisha kutimia, kama vile "msingi umekamilika". Kutoka duara la 1, siku ya kuanza, inatoka mishale miwili. Wa kwanza ni msingi, siku 10, unaofika duara la 2. Kutoka hapo ni kuta, siku 12, hadi duara la 4, kisha kupaua, siku 6, hadi duara la 5. Mshale wa pili kutoka duara la 1 ni kununua na kukausha mbao, siku 6, hadi duara la 3. Hapo seremala anatengeneza milango na madirisha kwa siku 19, naye anaishia duara la 5. Nyumba ikishapauliwa na milango ikiwa tayari, inabaki kufunga milango na kupiga lipu, siku 7, hadi duara la 6: kuhamia.

Sasa tembea kwenda mbele ukijumlisha. Msingi unakwisha siku ya 10, kuta ya 22, paa ya 28. Mbao zinakuwa tayari siku ya 6, milango siku ya 25. Duara la 5 linapokea mishale miwili, na haliwezi kutimia mpaka wote wawili wafike, kwa hiyo tunachukua namba kubwa: 28. Ongeza 7, unahamia siku ya 35. Hizi ndizo siku za mapema kabisa.

Kisha rudi nyuma ukitoa. Ili uhamie siku ya 35, duara la 5 lisipite siku ya 28. Kwa hiyo kuta zisipite siku ya 22, na msingi siku ya 10. Upande wa seremala, 28 toa 19 ni 9: mbao zinaweza kungoja hadi siku ya 9. Hizi ndizo siku za mwisho kabisa. Duara lenye mishale kadhaa inayotoka huchukua namba ndogo.

Linganisha namba hizo mbili katika kila duara. La 3 lina 6 na 9: kuna mwanya wa siku 3. Madua​ra mengine yote yana namba moja tu, na njia ya msingi, kuta, paa na lipu haina hata siku moja ya kupoteza. Fundi mwashi akikosa siku moja, unahamia siku ya 36.

Wengi hukosea kwenye mwanya. Siku zile 3 ni za mbao na seremala kwa pamoja, si 3 kwa kila mmoja. Mbao zikichelewa siku 2, seremala amebakiwa na 1. Naye akijipa 3 zake, milango itakuwa tayari siku ya 30, na kuhamia kutasogea hadi siku ya 37.

Kosa la pili ni kununua haraka isiyokuwepo. Tuseme unawaongeza waashi ili kuta zimalizike kwa siku 7 badala ya 12. Umelipia siku 5, lakini utahamia siku ya 32, umepata 3 tu. Paa sasa linakwisha siku ya 23, milango bado ni siku ya 25. Njia isiyoweza kuchelewa imehamia kwa seremala.

Tena, siku 12 za kuta zenyewe ni makadirio. PERT humwuliza fundi namba tatu: mambo yakinyooka (9), kwa kawaida (11), mambo yakiharibika (19). Ya kawaida huzidishwa kwa 4, zote zikajumlishwa, kisha zikagawanywa kwa 6: 72 gawa kwa 6 ni 12. Mvua ikifanya siku ziwe 19, unahamia siku ya 42, hata kama seremala hajakosa siku.

Kwa hiyo ichore upya kila wiki, ukiandika siku zilizotumika kweli. Na kabla ya kumpigia seremala simu ya ukali, tazama kwanza duara lake lina mwanya wa siku ngapi.