Barua kwa Baraza la Mitihani Pale Matokeo Yanapokosekana

Mtihani wa Kidato cha Nne nchini Tanzania hufanyika mwezi Novemba, na matokeo yake kwa kawaida hutangazwa Januari inayofuata. Anayeutunga, kuusimamia na kuutolea vyeti ni Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa Sheria Namba 21 ya mwaka 1973 na linaloongozwa na Katibu Mtendaji. Kwa hiyo mtahiniwa anayekuta hati yake ya matokeo ina kasoro, au haimo kabisa, barua yake huelekezwa kwa Katibu Mtendaji. Shule haina mamlaka ya kubadili alama. Kazi yake ni kuthibitisha yaliyotokea kwenye kituo na kuipitisha barua.

Kabla ya kuandika lazima ijulikane ni kasoro gani inayolalamikiwa, kwa sababu kila moja ina njia yake. Mtahiniwa aliyepata F akaamini alistahili C hana hati yenye kosa. Yeye anaomba rufaa, ambayo ina ada yake na muda wake unaotangazwa, na akiuacha muda huo upite, barua ya kawaida haiwezi kuchukua nafasi ya rufaa. Aliyepoteza hati iliyokuwa sahihi huanzia polisi kupata taarifa ya upotevu, kisha huomba uthibitisho wa matokeo. Barua inayoelezwa hapa ni ya yule ambaye matokeo yake hayapo, au yapo lakini si yake: somo alilofanya halina alama, jinsi imeandikwa kimakosa, jina limekosewa, au namba yake imebeba masomo ambayo hakusajiliwa.

Ukurasa wa matokeo kwenye tovuti ya Baraza huonyesha namba ya mtahiniwa chini ya CNO, jinsi chini ya SEX, jumla ya pointi chini ya AGGT, daraja chini ya DIV, na alama za masomo chini ya DETAILED SUBJECTS. Neno ABS lina maana kwamba mtahiniwa hakuonekana kwenye mtihani, na INC kwamba matokeo yake hayajakamilika. Herufi X mbele ya somo moja huonyesha kuwa kumbukumbu za Baraza hazimwoni mtahiniwa kwenye somo hilo. Alama hizi zisomwe kwa makini, maana ndizo zinazoonyesha pa kuanzia. INC huweza kutokana na sehemu moja ya matokeo kutofika, kwa mfano alama za maendeleo endelevu kutoka shuleni, na hapo wa kwanza kuulizwa ni mwalimu wa taaluma. X kwa mtu aliyeketi na kuandika ni habari nyingine: kuna karatasi mahali fulani isiyounganishwa na mwenyewe.

Chanzo cha hali hiyo kiko kwenye utaratibu wenyewe wa mtihani. Mtahiniwa haandiki jina kwenye kijitabu cha majibu, huandika namba ya mtihani peke yake, ili msahihishaji asijue anayemsahihishia. Namba ya mtahiniwa wa shule huanza na herufi S, hufuatwa na tarakimu nne za kituo, mkwaju, na tarakimu nne za mtahiniwa, kwa mpangilio huu: S0000/0000. Mtahiniwa wa kujitegemea huanza na P. Kwa kuwa namba ndiyo jina pekee la karatasi, tarakimu mbili zikibadilishana nafasi karatasi inakuwa ya mtu mwingine, au ya mtu asiyekuwepo.

Tuseme kituo kimoja kilisajili watahiniwa 60. Mmoja wao ana namba inayoishia na 0047. Alifanya masomo saba: Uraia, Historia, Jiografia, Kiswahili, Kiingereza, Baiolojia na Hisabati. Matokeo yakatoka yakiwa na C za Uraia, Historia, Kiingereza na Baiolojia, B ya Kiswahili, D ya Hisabati, na X mbele ya Jiografia. Kwa hesabu ya Baraza, A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4 na F 5, na daraja hutokana na masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Masomo sita aliyo nayo yanatoa pointi 18. Kama Jiografia ingekuwa C, jumla ingefika 21, ambayo ni mwisho wa daraja la pili. Kama ingekuwa F, ingefika 23, ambayo ni daraja la tatu. Hatima yake iko kwenye karatasi moja ambayo huenda iliandikwa 0074, namba isiyo na mwenyewe katika kituo hicho.

Barua ya mtahiniwa huyu inahitaji kwanza kumtambulisha bila kuacha shaka. Maelezo ya lazima ni majina yote kama yalivyosajiliwa, hata kama nyumbani anaitwa vingine, namba kamili ya mtihani, jina na namba ya kituo, aina ya mtihani na mwaka wake, jinsi, tarehe ya kuzaliwa, na somo linalohusika pamoja na namba yake. Jiografia ya Kidato cha Nne ni 013, Historia ni 012, Kiswahili ni 021. Namba ya somo huzuia mkanganyiko, hasa kwa masomo yenye karatasi zaidi ya moja. Baiolojia, kwa mfano, ni 033, lakini ina karatasi ya nadharia na ya vitendo, hivyo anayelalamikia Baiolojia aseme ni ipi. Mwisho huwekwa anwani na namba ya simu inayopatikana.

Ushahidi wenye uzito kuliko wote ni fomu ya mahudhurio. Katika kila mtihani mtahiniwa husaini mbele ya msimamizi, na asiyekuwepo huwekewa alama ya kutokuwepo. Sahihi iliyo kwenye mstari wa 0047 siku ya Jiografia hujibu moja kwa moja ile X. Mtahiniwa mwenyewe hana fomu hiyo, wala hapaswi kuwa nayo, kwa hiyo anachofanya ni kutaja siku na kipindi cha mtihani na kumwomba mkuu wa shule athibitishe kwa maandishi kutokana na kumbukumbu za kituo. Mpangilio wa viti husaidia pia, kwa kuwa unaonyesha aliyekaa mbele na nyuma yake, na hivyo karatasi yenye namba ya ajabu inaweza kufuatiliwa hadi kwenye kiti.

Vielelezo vingine ni vya utambulisho: nakala ya hati ya matokeo au ukurasa uliochapwa kutoka kwenye tovuti, orodha ya usajili inayoonyesha kuwa somo hilo alisajiliwa, na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Kasoro ikiwa ya jina, uzito huhamia hapa. Baraza hulinganisha jina na lile lililosajiliwa na lililotumika kwenye mitihani ya nyuma, hivyo kosa la herufi moja lililofanywa wakati wa kuandika husahihishika kirahisi kuliko jina jipya lililochukuliwa baada ya mtihani. Hati ya kiapo inaweza kueleza kwa nini mtu ana majina mawili, lakini peke yake haionyeshi kwamba shule ilisajili jina lipi. Nakala zote zithibitishwe na wakili au hakimu, na hati halisi zibaki kwa mwenyewe hadi zitakapotakiwa.

Kuna vitu ambavyo watu huambatisha bure. Alama za mtihani wa majaribio hazionyeshi kama karatasi ya Novemba iliandikwa. Barua za wanafunzi wenzake hazina nguvu mbele ya fomu iliyosainiwa. Maelezo ya miaka minne ya bidii hayampi mtumishi wa Baraza pa kutafuta. Vilevile mtahiniwa asitaje alama anayoamini anastahili, kwa kuwa ombi lake ni karatasi itafutwe, na akidai C ombi linaanza kusomeka kama rufaa.

Barua yenyewe haizidi ukurasa mmoja. Inaweza kuwa hivi:

Shule ya Sekondari ........,
S.L.P. ........
Tarehe ........

Katibu Mtendaji,
Baraza la Mitihani la Tanzania,
S.L.P. ........,
Dar es Salaam.

Kupitia kwa: Mkuu wa Shule.

YAH: KUKOSEKANA KWA MATOKEO YA JIOGRAFIA (013), MTIHANI WA KIDATO CHA NNE, NAMBA S..../0047

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ........ (majina yote kama yalivyosajiliwa), niliyezaliwa tarehe ........, nilifanya mtihani huo mwaka ........ katika kituo S.....

Matokeo yangu yanaonyesha X katika somo la Jiografia. Nilifanya mtihani wa somo hilo tarehe ........, kipindi cha ........, na nilisaini fomu ya mahudhurio.

Naomba kumbukumbu za mahudhurio na karatasi za kituo hiki zikaguliwe, ikiwemo karatasi yoyote yenye namba isiyosajiliwa, na matokeo yangu yakamilishwe.

Naambatisha: nakala ya matokeo, nakala ya orodha ya usajili, nakala ya cheti cha kuzaliwa, na uthibitisho wa Mkuu wa Shule.

Wako mtiifu,
(Sahihi, jina, namba ya simu)

Aya ya tatu ndiyo moyo wa barua hii. Inataja kile ambacho hati inasema, kisha kile kilichotokea, na tofauti ya hayo mawili inaonekana bila kulaumu mtu. Maneno kuhusu karatasi yenye namba isiyosajiliwa humwonyesha mkaguzi mahali pa kwanza pa kuangalia. Aliyejisajili kwa kujitegemea hupitisha barua yake kwa mkuu wa kituo alichofanyia mtihani, si shule aliyosoma zamani.

Barua itolewe nakala tatu: moja ya Baraza, moja ya faili la shule, na moja ya mtahiniwa ikiwa na muhuri na tarehe ya kupokelewa. Ikienda kwa posta, itumwe kwa rejista na stakabadhi itunzwe. Kuchelewa kuna hasara, kwa kuwa udahili wa Kidato cha Tano na vyuo hausubiri.

Majibu yanaweza kuwa ya aina tatu. Karatasi ikipatikana, matokeo hukamilishwa, daraja huhesabiwa upya, na hati yenye kosa haitumiki tena. Fomu ya mahudhurio ikionyesha kwamba mstari wa 0047 hauna sahihi, X hubaki, na mkuu wa kituo ndiye wa kueleza kama kulikuwa na kosa la usimamizi. Sahihi ikiwepo lakini karatasi isionekane, uamuzi ni wa Baraza, na hakuna mwalimu anayeweza kutoa alama badala yake. Katika hali zote tatu hati isiguswe kwa kalamu, hata kama kosa ni la herufi moja, maana hati iliyorekebishwa kwa mkono huhesabiwa kuwa imeghushiwa.