Wachimbaji wakiongezeka, kwa nini bitkoini haziongezeki?

Wandugu, tuanzie kwa kitu tunachokijua. Pale Kolwezi, carrière ikiwa na wachimbaji mia moja, halafu kesho wakafika mia mbili, jioni magunia ya kobalti yataongezeka. Si lazima mara mbili kabisa, lakini yataongezeka. Wengi wanafikiri "kuchimba" bitkoini ni vile vile: leta mashini nyingi, utoe feza nyingi. Kwa mtu mmoja ni kweli. Kwa dunia nzima, hapana. Mashini zikizidishwa mara mbili, baada ya juma chache bloku mpya zinarudia kutoka moja kila dakika kumi hivi, sawa na zamani. Na hakuna ofisi yoyote yenye kutoa hiyo amri.

Kwanza tujue mashini inafanya nini. Haitatui hesabu ngumu ya akili, vile watu wanapenda kusema. Inacheza bahati nasibu. Fikiria kifuko chenye tikiti 1000, namba 1 mpaka 1000. Unavuta moja, unaangalia, unairudisha. Sheria inasema: ukipata namba iliyo chini ya 11, umeshinda. Basi kwa wastani utavuta mara 100 mbele ya kushinda. Sheria ikibadilika ikasema "chini ya 6", utavuta mara 200. Mkono wako haujabadilika, mwendo wako wa kuvuta haujabadilika, ni ule mpaka tu uliteremshwa. Katika bitkoini "tikiti" ni namba kubwa sana inayotoka wakati mashini inapitisha maandiko ya bloku mara mbili ndani ya hesabu inayoitwa SHA-256. Mashini inabadilisha kitu kidogo ndani ya bloku, inapitisha tena, inaangalia kama namba iko chini ya mpaka. Mashini za leo zinafanya hivyo mara milioni za milioni kwa segonde moja. Ugumu njo huo mpaka: ukishuka, ugumu unapanda.

Sasa, nani anausogeza? Kila ordinatere yenye kubeba programu ya bitkoini inausogeza yenyewe. Kila bloku inabeba saa yake ndani. Bloku 2016 zikiisha, programu inaangalia saa ya bloku ya kwanza na ya mwisho ya kile kipindi, inapata muda halisi uliopita. Halafu inaulinganisha na muda uliotakiwa: 2016 mara dakika 10, yaani siku 14 kamili. Ndani ya programu ya Bitcoin Core, kazi yote iko mistari miwili hii:

```
bnNew *= nActualTimespan;
bnNew /= params.nPowTargetTimespan;
```

Chukua mpaka wa zamani, zidisha kwa muda halisi, gawanya kwa juma mbili. Basi. Ikiwa bloku zilikawia, mpaka unapanda na kazi inakuwa nyepesi. Zikikimbia, mpaka unashuka. Kwa sababu kila mtu anasoma bloku zile zile, kila mtu anapata jibu lile lile bila kuulizana. Mchimbaji mwerevu akijiwekea mpaka mwepesi, wengine wanafanya hesabu yao, wanaona haifanani, wanatupa bloku yake. Umeme aliouunguza umeenda bure.

Mfano mzuri kuliko yote ni wa mwaka 2021. Wakati ule sehemu kubwa ya mashini za dunia ilikuwa Uchina. Mwezi wa tano serikali ikatangaza kwamba itakaza, halafu jimbo moja moja likaanza kufunga. Sichuan, yenye kuwa na umeme wa maji mwingi wakati wa mvua, ikazima mwezi wa sita. Mashini zikafungwa ndani ya makarton, zingine zikapelekwa inje ya inchi.

Kipindi cha bloku 2016 kilikuwa kimeanza katikati ya mwezi wa sita. Badala ya siku 14, kikachukua siku 19 na nusu hivi. Bloku moja ilikuwa inangoja karibu dakika 14. Siku ya 3 mwezi wa saba, kwenye bloku namba 689472, kila ordinatere ikafanya hesabu yake: 14 gawanya kwa 19.43, inatoa 0.72. Ugumu ukaanguka kutoka 19.93 T mpaka 14.36 T, karibu asilimia 28 kwa mara moja. Hakukuwa na mwanguko mkubwa kama ule mbele yake. (Ile T kwenye ekrani ni milioni mara milioni. Sisi tuliosoma hesabu kwa Kifaransa tuwe waangalifu, ju "trillion" yetu ni kitu kingine.) Bloku zikarudia mwendo wa dakika kumi hivi.

Hapa kuna jambo ambalo wengi wanalikosa. Wale waliobaki na mashini zao, walifaidika lini? Si siku Wachina walizima. Mpaka ulikuwa bado ule ule, basi bahati ya kila mashini ilikuwa ile ile. Chukua mtu aliyekuwa anapata bloku moja kila siku 10: kile kipindi chote aliendelea kupata moja kila siku 10, hata kama washindani walipungua. Faida ilimfikia tu tarehe 3 mwezi wa saba, ugumu uliposhuka: sasa moja kila siku 7.2, kwa mashini zile zile na umeme ule ule. Hata kwetu Kivu ya Kaskazini iko hivyo. Hifadhi ya Virunga iliweka mashini karibu na kituo chake cha umeme wa maji cha Luviro tangu 2020. Mapato ya mashini kama zile yanategemea pia nani amewasha au kuzima Asia na Amerika, lakini yanasikia hayo paka siku ya marekebisho.

Msichanganye na bahati ya kawaida. Dakika kumi ni wastani, si saa ya kanisa. Kwa siku tunangojea bloku 144, lakini siku yenye 125 au 160 bado ni ya kawaida. Na bloku kama saba hivi kila siku zinangojesha watu zaidi ya nusu saa bila tatizo lolote. Hata kwa kipindi kizima cha bloku 2016, ugumu ukisogea asilimia 2 inaweza kuwa bahati tu. Nikiona mtu anaandika "wachimbaji wanakimbia!" ju ya asilimia 2, mimi napita.

Ugonjwa wa kweli wa huu utaratibu ni kwamba unahesabu bloku, hauhesabu siku. Tuseme asilimia 90 ya mashini zimezimika leo, mara tu baada ya marekebisho. Kila bloku itangoja dakika 100, na bloku 2016 zitachukua siku 140. Na hata hapo programu haitaponyesha yote, kwa sababu ina kizuizi: kwa mara moja ugumu hauwezi kupanda wala kushuka zaidi ya mara nne. Basi utagawanywa kwa 4, bloku zitatoka kila dakika 25, na tutangoja siku 35 zingine ndipo dakika kumi zirudie. Karibu miezi sita, na mtu mwenye kutuma malipo anangoja saa badala ya dakika.