Makaburi Matatu ya Masihi

Jumatatu ya Pasaka, kwenye kijiwe cha kahawa hapa Dodoma, muumini mmoja aliyetoka ibada ya jana alimwuliza jirani yake, "Sheikh, nyinyi mnasema Yesu hakufa. Sasa atakufa lini?" Mzee akaweka kikombe chini. "Atakufa, mwanangu. Ila bado."

Jibu hilo fupi limebeba tofauti yote. Mkristo anaanzia Ijumaa: Yesu alisulubiwa, akafa, akazikwa, na alfajiri ya Jumapili kaburi likakutwa tupu. Bila kifo hakuna ufufuko, na Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba bila ufufuko imani yao ni bure.

Muislamu anaanzia Sura An-Nisaa, aya ya 157 na 158: Nabii Isa hakuuawa wala hakusulubiwa. Waliomkusudia walifananishiwa, naye Mwenyezi Mungu akamnyanyua kwake. Kwa wengi wa Waislamu yupo hai. Atarudi karibu na Kiyama, na katika hadithi iliyomo kwa Abu Dawud atakaa duniani miaka 40, kisha atafariki na Waislamu watamswalia. Kwa hiyo kaburi lake halijachimbwa.

Ugumu upo katika Aal Imran, aya ya 55, ambapo Mungu anamwambia Isa neno *mutawaffika*. Kitenzi chake hutumika kwa kufisha, lakini asili yake ni kuchukua kitu kikamilifu, na Qurani yenyewe hukitumia pia kwa roho zinazochukuliwa usingizini. Mfasiri hawezi kulikwepa, lazima achague.

Uchaguzi huo uliwahi kuwasha moto katika Kiswahili chetu, na cheche zake zilianzia uwanda huu wa kati. Sheikh Mubarak Ahmad, mhubiri wa Ahmadiyya, alifika Afrika Mashariki mwaka 1934 na kufanya kazi Tabora. Jumuiya yake ilitoa tafsiri ya Qurani kwa Kiswahili mwaka 1953. Waahmadiyya husema Isa alitundikwa msalabani lakini akashushwa akiwa hai, akaenda mashariki, akafa uzeeni kifo cha kawaida, na amezikwa Srinagar, Kashmiri. Kwao, basi, kaburi lina mwenyewe. Sheikh Abdullah Saleh Al-Farsy wa Zanzibari hakukubali. Tafsiri yake kamili, iliyotoka mwaka 1969, ina maelezo ya chini yanayowajibu hao aliowaita Makadiani.

Hivyo wengine wana kaburi tupu, wengine kaburi lisilochimbwa, wengine kaburi lenye maiti. Anayedhani Waislamu na Wakristo wanabishana tu kama Yesu alifufuka, ameanza katikati. Ubishi unaanza Ijumaa: je, alikufa?

Kijiweni, yule muumini aliwaza kidogo. "Kumbe sote tunamngoja arudi," alisema. Mzee akacheka: "Tunamngoja. Ila mimi namngoja pia nimzike."