Mafuta ya Kukinga Ngozi ya Pua na Mdomo Wakati wa Mafua

Ngozi ya chini ya pua na ya kuzunguka mdomo huchubuka wakati wa mafua kwa sababu mbili zinazosaidiana: unyevu na msuguano. Tabaka la juu kabisa la ngozi ni jembamba sana. Limeundwa na chembe zilizokufa ambazo zimeshikamanishwa na mafuta ya asili, na mafuta hayo ndiyo yanayozuia maji ya mwilini yasitoke na vitu vya nje visipenye. Kamasi zinapochuruzika kutwa nzima, tabaka hilo hulowa, huvimba na kulainika. Likifutwa kwa leso likiwa hivyo, chembe zake hung'oka pamoja na yale mafuta. Kisha sehemu hiyo hukauka, husinyaa na kupasuka.

Mdomoni huongezeka jambo jingine. Mwenye pua iliyoziba hupumulia mdomo, midomo ikakauka, naye akailamba ili apate nafuu. Mate yana vimeng'enya vya kusaga chakula, na hukauka upesi sana. Kila ulambaji huiacha midomo ikiwa mikavu kuliko ilivyokuwa, na hamu ya kulamba inarudi. Kwa watoto, alama ya tabia hii hujionyesha wazi: duara la ngozi iliyokakamaa linalofika pale pale ulimi unapofika.

Mafua ya kawaida huisha ndani ya siku 7 hadi 10, na ngozi ikiachwa baada ya hapo hujitengeneza yenyewe. Taabu huja pale mafua yanapofuatana. Katika miezi ya kipupwe, Juni hadi Agosti, familia nyingi za nyanda za baridi kama Njombe na Makete au Limuru huona mtoto akishikwa na mafua mapya kabla ngozi haijapona yale ya kwanza. Hapo ndipo mafuta ya kukinga yanapohitajika. Kazi yake ni kukaa katikati ya ngozi na unyevu, ili ngozi ipate muda wa kujijenga chini yake. Hayatibu mafua wala hayaui vijidudu.

Kwa kazi hiyo, mafuta ya mgando yasiyo na manukato ndiyo chaguo la kwanza. Hayapitishi maji, hayachomi penye mchubuko, ni nadra sana kumletea mtu mzio, na hupatikana karibu kila duka. Manukato ni jambo la kuangaliwa kwenye kopo, kwa kuwa mafuta mengi ya watoto huwekwa harufu, na harufu hiyo huweza kuwasha ngozi iliyochubuka. Losheni na krimu nyepesi zina maji mengi na vihifadhi. Huchoma zikipakwa penye jeraha na huondoka kwa mfuto mmoja wa leso. Mafuta ya nazi ni laini na hayana madhara kwa wengi, lakini huyeyuka kwenye joto la nyuzi 25 hivi. Yakipakwa usoni hugeuka maji, na kinga yake haidumu.

Chaguo la pili ni marhamu yenye oksidi ya zinki, yale meupe mazito yanayotumika kwa watoto wachanga wanaoungua kwa nepi. Hung'ang'ania ngozi kuliko mafuta ya mgando, hivyo hufaa chini ya pua inayochuruzika mfululizo, hasa usiku. Yapakwe mbali kidogo na midomo, kwa sababu mtoto atayalamba. Asubuhi yasisuguliwe yatoke yote. Pamba iliyotiwa mafuta kidogo huondoa yaliyochafuka, na mabaki meupe yanaweza kubaki bila madhara.

Namna ya kupaka ina uzito sawa na aina ya mafuta. Mfano ni mtoto wa miaka 4 wa Njombe, mwezi Julai, aliye katika wiki ya pili ya mafua. Chini ya pua ngozi yake imekuwa na weusi uliokolea na magamba ya kijivu, kwani kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi. Kona za mdomo zimekauka, naye hulia akifutwa.

Asubuhi mama hulowesha kitambaa laini cha pamba kwa maji ya uvuguvugu, bila sabuni, na kukikandamiza juu ya kamasi zilizoganda mpaka zilainike. Kisha hukausha kwa kugusagusa. Ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, hupaka mafuta ya mgando kiasi cha punje moja ya harage kwa eneo lote: nje ya matundu ya pua, juu ya mdomo wa juu, kwenye kona na kwenye midomo yenyewe. Tabaka jembamba linalong'aa latosha. Likiwa nene hufutika tu. Mafuta huchotwa kwa kijiko au kidole kilichonawishwa, maana kidole kilichofuta kamasi kikiingia kwenye kopo la familia huwapelekea wengine vijidudu.

Hupaka tena kabla ya chakula, ili chumvi na ndimu visichome, na tena baada ya mtoto kufutwa mdomo. Hupaka kabla ya kutoka kwenye baridi na kabla ya kulala. Mchana, kamasi hufutwa kwa kukandamiza kitambaa bila kusugua, na penye mfuto mafuta hurudishwa. Ikifanywa hivyo, maumivu hupungua kwa siku moja au mbili, na magamba huanza kwisha katika siku chache zinazofuata, hata kama pua bado inachuruzika.

Mafuta hayo hubaki nje ya pua. Yakiingizwa ndani ya matundu kila siku kwa muda mrefu, hasa kabla ya kulala, yanaweza kuvutwa kidogo kidogo hadi mapafuni na kuleta nimonia ya mafuta. Ni nadra, lakini hutokea. Mafuta ya kuchua yenye kafuri na mentholi yasipakwe chini ya pua: huunguza ngozi iliyochubuka, na kafuri ni hatari kwa watoto wadogo.

Ziko dalili zinazoonyesha kwamba tatizo si ukavu tena. Gaga la rangi ya asali linalosambaa ni ishara ya bakteria. Malengelenge madogo yaliyokusanyika mahali pamoja, yaliyotanguliwa na mchonyoto, huwa ni ya virusi vya malengelenge ya mdomo. Mipasuko ya kona za mdomo inayozidi wiki mbili huweza kutokana na fangasi au upungufu wa madini ya chuma. Yote hayo huhitaji kuonwa na mganga kwenye kituo cha afya.

Krimu za mchanganyiko zenye betamethazoni au klobetasoli zisitumike hapa bila ushauri wa daktari. Siku za mwanzo hutuliza, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Zikiendelea kutumika huikondesha ngozi na kuleta vipele vidogo kuzunguka mdomo, ambavyo huzidi kila krimu inapoachwa, na mgonjwa huirudia akidhani ndiyo dawa.

Mafua yakiisha, kupaka huendelea kwa siku chache mpaka ngozi iwe laini na isichome ikiguswa na maji. Madoa meusi au meupe yanaweza kubaki kwa wiki kadhaa baadaye. Hufifia yenyewe, na hayahitaji krimu ya kung'arisha.